Swali la insha: vyama vya wafanyakazi, migomo na haki za kazini

Historia ya Dunia, Sehemu C. Alama 20. Dakika 40.

Swali

"Mgomo huleta ushindi, lakini chama ndicho huulinda." Jadili kauli hii kwa kutumia migomo isiyopungua miwili.

Jibu la mfano

Kibarua wa bandari ya London mwaka 1889 alidamkia langoni bila kujua kama siku hiyo angepata kazi. Msimamizi aliwachagua watu kutoka kwenye umati uliokuwa ukisukumana, na aliyebahatika aliweza kupewa saa moja tu, kwa peni 5, kisha akaambiwa aende zake. Akilalamika peke yake, nafasi yake ilichukuliwa papo hapo. Walipogoma wote mwezi Agosti, shehena zilikwama melini na hasara ikamgeukia mwajiri. Walidai peni 6 kwa saa na kuajiriwa kwa saa zisizopungua 4. Njaa ilikaribia kuwavunja moyo, wakaokolewa na michango, hasa zaidi ya pauni 30,000 zilizotoka Australia. Baada ya wiki tano hivi walipata peni zao 6. Hapa kauli inahitaji kurekebishwa: chama chao kilikuwa kidogo mgomo ulipoanza, na ni mgomo wenyewe uliokikuza.

Huko Flint, Marekani, kilichogombewa kilikuwa chama chenyewe. Kuanzia tarehe 30 Desemba 1936 wafanyakazi wa kampuni ya magari ya General Motors walikaa ndani ya viwanda kwa siku 44. Walijua kwamba wakitoka nje, mashine zingeendeshwa na wengine. Februari 1937 kampuni ilikubali kukitambua chama cha UAW kuwa msemaji wa wanachama wake. Tangu hapo ujira na kasi ya kazi vilikuwa mambo ya kujadiliwa mezani.

Hata hivyo, chama hakikuwa ngao ya uhakika. Mgomo mkuu wa Uingereza wa mwaka 1926 uliitishwa na shirikisho la vyama vikubwa ili kuwaunga mkono wachimba makaa, ukasitishwa baada ya siku 9 bila wachimbaji hao kupata walichotaka, na mwaka uliofuata sheria ikaibana zaidi migomo. Kwa hiyo ulinzi ulihitaji pia sheria, kama Mkataba Na. 1 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1919, uliowekea kazi za viwandani kikomo cha saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki.

Kwa msahihishaji

Anayeorodhesha tarehe bila kuonyesha jinsi mgomo ulivyombana mwajiri asizidi alama 10. Anayeipinga kauli kwa ushahidi anaweza kupata alama zote. Mifano mingine, kama mgomo wa Mombasa wa mwaka 1947, ikubaliwe. Aliyekumbuka walivyokula wagomaji wakati hawana mshahara ameligusa swali penyewe: apewe alama 2 za hoja hiyo hata kama sentensi zake zimepinda.