Mahojiano ya fundi wa mazutu na jaribio la mkono

Garaji, barabara ya Kipushi, Lubumbashi. Mwezi wa saba, saa mbili asubuhi, baridi kali.

Waliokuwepo: Papa Ilunga, mkuu wa mafundi, ndiye mtahini. Mama Ngoie wa ofisi ya wafanyakazi. Kasongo, shofere wa gari la jaribio. Kabwe, miaka 24, mwombaji kazi. Na mimi ninayeandika. Patrone alitaka maneno yote, si alama tu, kwa sababu mwaka jana tulimwajiri mtu mwenye alama nzuri, akatubadilishia alternateri tatu nzima.

Gari: Toyota Land Cruiser pikapu, motere ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, pompa ya sindano isiyo na kompyuta.

MAMA NGOIE: Karibu, baba. Kazi umejifunzia wapi?

KABWE: Asante, mama. Kwa mjomba wangu, Katuba, miaka mitano. Kisha miaka miwili kwenye kamiyo za njia ya Kasumbalesa. Cheti ninacho, lakini mkono niliupatia kwa mjomba.

PAPA ILUNGA: Vyeti ataviona mama. Mimi nataka kusikia kichwa chako kinavyofanya kazi. Gari ni hili. Asubuhi demarere inazunguka kwa uchovu, siku nyingine inagonga "tak" na kunyamaza. Likiwaka, linakwenda kidogo kisha linakosa nguvu. Kila unachofanya, kiseme kwa sauti. Ukinyamaza nitahesabu kwamba hujui.

KABWE: Sawa, papa. Kwanza naomba nimuulize shofere.

(Hapo Papa Ilunga alinitazama. Wawili waliotangulia walishika kle moja kwa moja.)

KABWE: Yaya Kasongo, ilianza lini?

KASONGO: Ya demarere, juzi. Ya nguvu, juzi hiyo hiyo. Lakini moshi mweupe wa asubuhi ni wa zamani, tangu baridi ianze.

KABWE: Moshi huo unaisha motere ikipata moto?

KASONGO: Unaisha kabisa.

KABWE: Juzi nani aliligusa gari?

KASONGO: (anamtazama Papa Ilunga) Lilikuwa hapa garaji.

PAPA ILUNGA: Endelea na kazi, kijana.

KABWE: Basi nina malalamiko matatu, na huenda si ugonjwa mmoja. Mawili yalianza siku moja, la tatu ni la zamani. Nitaanza na demarere, maana bila kuzunguka vizuri sitaona mengine. Vitesi haijaingia, freni ya mkono imevutwa, naweka jiwe nyuma ya gurudumu. Saa ya mkono naivua, ni ya chuma, ikigusa borni mbili za batri itaniunguza.

Sasa natoa waya wa elektrovani ya pompa. Nikizungusha motere, mazutu haitapita, haitawaka, nitapima kwa utulivu. Batri ikipumzika: volti 12.5. Si mpya, ila haina njaa. Yaya, zungusha, sekunde tano tu.

(Demarere ililia polepole, kama mtu anayepanda mlima na gunia la makaa.)

KABWE: Volti 11.4 wakati inazunguka.

PAPA ILUNGA: Kwa hiyo?

KABWE: Kwa hiyo batri siilaumu. Ingekuwa imechoka, ingeanguka chini ya 9.6 au karibu na hapo. Hii imebaki juu, na demarere bado ni nzito. Ina maana umeme upo, ila hauruhusiwi kupita wote. Au demarere yenyewe imeharibika, au njia imebanwa.

PAPA ILUNGA: Mteja ni mtu wa mgodi, ana pesa, ana haraka. Muuzie batri mpya.

KABWE: Akiwa na batri mpya itamsaidia wiki moja, kisha atarudi na hasira, papa. Naomba dakika tano.

PAPA ILUNGA: Basi pima kebo kwa ohmu.

KABWE: Ohmu hazitanionyesha kitu. Multimeta inasukuma umeme mdogo sana. Hata kebo ikibaki na uzi mmoja, itasoma karibu na sifuri, na mimi nitasema ni nzima. Demarere inavuta amperi mia na zaidi. Tuseme 150: kukiwa na kizuizi cha ohmu 0.014 tu, umepoteza volti 2. Ohmu 0.014 chombo hiki hakiioni. Njo maana napima volti zinazopotea wakati mzigo uko juu yake.

Upande wa chanya: ncha moja kwenye borni ya batri, ya pili kwenye bulo ya demarere. Zungusha, yaya... Volti 0.25. Hiyo inavumilika. Upande wa masi: ncha moja kwenye hasi ya batri, ya pili kwenye mwili wa motere, mahali pasipo rangi. Zungusha... 1.9. Nyingi mno. Natarajia 0.2, ikizidi sana 0.5.

PAPA ILUNGA: Ncha yako umeiweka wapi?

KABWE: Kwenye hasi ya... (anainama kutazama) Hapana. Nimeiweka juu ya kosi ya kebo, si juu ya borni yenyewe. Nimekosea. Maungio ya borni na kosi nimeyaacha nje ya kipimo. Narudia. Zungusha... 2.1. Kwa hiyo 0.2 inapotea kwenye borni, na 1.9 iliyobaki iko mbele, kati ya kosi na motere.

(Kosa hilo niliandika kwanza kama "alikosea". Papa Ilunga akaniambia niongeze: "alisahihisha mwenyewe, na akajua idadi ya kosa lake".)

KABWE: Kabla sijafungua, nathibitisha. Naweka kebo ya kusaidia kuwasha, kutoka hasi ya batri mpaka kwenye motere. Zungusha.

(Safari hii demarere ilizunguka mpaka Mama Ngoie akarudi nyuma hatua moja.)

KABWE: Sasa najua, sibahatishi tena. Kle ya 12... Nafungua masi pale inapofungwa kwenye bloku. Aa. Kuna kipande cha plastiki chini ya kosi, kimetobolewa tundu la bulo vizuri kabisa. Umeme ulikuwa unapita kwenye nyuzi za bulo tu. Hii kutu haikuiweka, papa.

PAPA ILUNGA: Kutu haina mkasi. Endelea.

KABWE: Nakitoa, nasugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, pande zote mbili. Borni ya batri pia. Nafunga. Napima tena, maana kukaza bulo hakutoshi kusema umetengeneza. Zungusha... 0.15. Narudisha waya wa elektrovani, nafungua kontakti: "tik", nimeisikia, inafunguka. Yaya, sasa pasha bujie, halafu washa.

(Iliwaka kwa shida. Moshi mweupe mwingi uliingia mpaka ofisini. Baada ya dakika moja ukapungua. Baada ya nne motere ikaanza kutetemeka.)

PAPA ILUNGA: Huo moshi unakuambia nini?

KABWE: Mweusi ningesema mazutu ni nyingi au hewa ni kidogo, ningetazama filta ya hewa. Wa bluu ni mafuta ya motere yanaungua. Mweupe ni mazutu isiyoungua, au maji. Hauna ule utamu wa maji ya radieta, na unapungua motere ikipata moto, kwa hiyo ni mazutu kwenye silinda baridi. Nauweka pembeni, nitaurudia. Kutetemeka huku ni kitu kingine, kumekuja motere ikiwa na moto. Inaonekana ina kiu.

PAPA ILUNGA: Filta?

KABWE: Inawezekana. Lakini filta chafu na hewa ndani ya mazutu zinafanana kwa sikio, ndiyo maana nataka kuona. Nazima. Naweka mpira mwangavu kati ya filta na pompa, natoa hewa kwa pompa ya mkono iliyo juu ya filta. Washa... Tazameni.

(Tuliinama wote. Mazutu ilipita na vipovu kama vya Fanta.)

KABWE: Ni hewa. Watu wengi watatafuta mahali panapovuja, na wataona pakavu. Kutoka tangi mpaka pompa mazutu inavutwa, haisukumwi. Tundu hapo halitoi mazutu nje, linanyonya hewa ndani. Kwa hiyo nakata njia vipande viwili. Natoa mpira unaoingia kwenye filta, naiweka filta inywe kwenye bidoni hili safi. Mazutu ya kurudi bado inakwenda tangini, kwa hiyo bidoni litapungua haraka, niliangalie. Natoa hewa tena. Washa.

Vipovu vimeisha. Filta na pompa yake ya mkono hazina kosa. Hewa inaingia upande wa tangi. Narudisha mpira, nafuata kwa kidole... hapa, bomba la chuma la shasi linapokutana na mpira. Koliye inazunguka. Si imelegea kwa mtikisiko, bisi yake ina alama mpya ya bisbisi.

PAPA ILUNGA: (anacheka) Macho unayo. Kaza.

KABWE: Nimekaza. Ila nautazama mpira kwanza usiwe umepasuka mwishoni... mzima. Natoa hewa, nawasha, dakika kumi naangalia mpira mwangavu kabla sijautoa.

(Dakika kumi zilipita. Mama Ngoie aliuliza kuhusu kazi za usiku na safari za Likasi. Anakubali zote mbili. Kuhusu mshahara alisema atangoja kusikia ofisi inatoa kiasi gani, jibu ambalo mama hakulipenda wala kulichukia. Vipovu: hakuna.)

PAPA ILUNGA: Nzuri. Niliweka makosa mawili, umeyapata yote mawili. Una swali?

KABWE: Moja, papa. Bado moshi wa asubuhi. Yaya Kasongo alisema ni wa tangu baridi ianze, si wa juzi, na hauna uhusiano na masi wala koliye. Naona bujie za kupashia. Zipo sita. Nikitoa bamba linaloziunganisha, nitapima moja moja. Nzima inasoma ohmu moja au chini yake. Iliyokufa haisomi kitu, chombo kinaandika OL tu.

PAPA ILUNGA: Hiyo haimo kwenye jaribio.

KABWE: Najua. Lakini gari limo.

(Papa Ilunga alikaa kimya, kisha akaashiria kwa kidevu. Kabwe alisubiri motere ipoe, akatoa bamba. Niliandika kama alivyosoma: silinda ya kwanza 0.8. Ya pili 0.8. Ya tatu OL. Ya nne 0.9. Ya tano OL. Ya sita 0.8.)

KABWE: Mbili zimekufa, papa. Hizi nazo uliziweka wewe?

PAPA ILUNGA: Hapana. (anamgeukia Kasongo) Gari hili linatoka kesho kwenda wapi?

KASONGO: Kolwezi, saa kumi alfajiri.

PAPA ILUNGA: Mama Ngoie, malizia karatasi zake baadaye. Wewe, Kabwe, nenda stoo na Kasongo mchukue bujie mbili. Na kabla hujazifunga, zipime. Hata zile za kwenye boksi.