Ripoti ya Ukaguzi wa Gati la Chuma Na. 2

Kwa: Meneja wa Uendeshaji wa Gati
Kutoka: Mhandisi Mkaguzi wa Miundo ya Baharini
Tarehe za ukaguzi: 30 Machi hadi 1 Aprili 2025, wakati wa maji ya bamvu

Uamuzi kwa ufupi

Sehemu ya gati kati ya safu ya 8 na ya 13 ifungwe leo kwa magari yote na kwa mzigo wowote wa kuwekwa sakafuni. Nguzo tatu za upande wa bahari, 9C, 11C na 12C, hazina tena uwezo ambao mahesabu ya awali yalizipa. Sehemu iliyobaki itumike kwa mizigo iliyopunguzwa kama ilivyoelezwa hapa chini, hadi matengenezo ya daraja la pili la vipaumbele yakamilike.

Gati na namna tulivyolikagua

Gati lina urefu wa mita 96 na upana wa mita 8, na limetumika kwa miaka 34. Linasimama juu ya nguzo 51 za bomba la chuma, zilizopangwa katika safu 17 zenye nguzo tatu kila moja (A upande wa nchi kavu, B katikati, C upande wa bahari). Kila bomba lilikuwa na kipenyo cha milimita 508 na ukuta wa milimita 12.7.

Nguzo zote zilitazamwa kwa macho, kwa mashua na kwa wazamiaji. Nguzo 20 zilikwanguliwa makome na mwani hadi chuma kikaonekana, kisha zikapimwa unene kwa kipimo cha mawimbi ya sauti katika vina vinne. Tulisubiri bamvu kwa makusudi. Ripoti ya miaka sita iliyopita ilisema kutu ni "ya kawaida", lakini michoro yake inaonyesha vipimo vilichukuliwa maji yakiwa nusu. Ukanda wenye ugonjwa ulikuwa umefunikwa na maji siku hiyo.

Kutu

Juu ya maji, kwenye ukanda unaorushiwa mawimbi, rangi ya kinga imebanduka karibu kila mahali na kutu imekula kati ya milimita 1.5 na 2.8. Haipendezi, lakini imesambaa sawasawa, na chuma kilichobaki kinatosha kwa sasa.

Tatizo liko chini zaidi, katika mkanda wa sentimita 40 hadi 60 tu, pale pale maji ya kupwa yanapoishia. Kwenye nguzo za C, kuanzia safu ya 8 hadi ya 13, tulikuta mabaka laini ya rangi ya chungwa. Mzamiaji aliyafuta kwa kiganja, hakuhitaji hata kikwanguzi. Chini yake kulikuwa na tope jeusi lenye harufu ya mayai yaliyooza, na chini ya tope chuma kinang'aa kama kimesuguliwa jana, kimejaa mashimo ya duara. Hizo ni dalili za kutu ya kasi ya maji kupwa, inayochochewa na bakteria. Kutu ya namna hii hula nusu milimita kwa mwaka au zaidi, na mng'ao wa chuma unaonyesha bado inafanya kazi.

| Nguzo | Ukanda wa mawimbi (mm) | Maji kupwa, wastani (mm) | Maji kupwa, cha chini (mm) | Karibu na sakafu ya bahari (mm) |
|---|---|---|---|---|
| 3C | 10.8 | 10.5 | 9.9 | 12.2 |
| 8C | 10.6 | 9.0 | 7.8 | 12.1 |
| 11C | 10.1 | 7.4 | 5.1 | 11.8 |
| 12C | 9.9 | 7.6 | imetoboka | 11.6 |
| 15C | 10.7 | 10.2 | 9.4 | 12.3 |

Kwa wastani wa milimita 7.4, nguzo 11C imebakiwa na takriban asilimia 58 ya eneo lake la chuma. Tundu la 12C lina upana wa milimita 40, na maji yanaingia na kutoka humo kila wimbi likipita.

Jambo jingine la kuangaliwa ni nguzo 12B. Iliwahi kubandikwa bamba la kiraka bila chuma cha chini kusafishwa. Mshono wa kuchomelea umepasuka upande mmoja na kutu inaendelea nyuma ya bamba, ambako hatukuweza kupima. Kiraka hicho kisihesabiwe kama chuma.

Kinga ya kikathodi, yaani anodi zinazoliwa na kutu badala ya nguzo, imekwisha kuanzia safu ya 8. Kati ya anodi 51, zilizobaki na uhai ni 14, zote zikiwa safu ya 1 hadi ya 7. Kuanzia safu ya 8 tulisoma kati ya volti -0.62 na -0.71 kwa elektrodi ya fedha na kloridi ya fedha. Chuma kilicholindwa majini kinatakiwa kifike -0.80 au hasi zaidi.

Uharibifu wa nguzo 9C

Nguzo hii imegongwa na chombo. Ina mbonyeo wenye kina cha milimita 85 na urefu wa milimita 600, juu kidogo ya maji ya kupwa. Kwa timazi, imeinama milimita 70 katika mita nne. Chuma cha mshazari kinachoiunganisha na 9B kimeng'oka kwenye mshono wa chini na kinaning'inia. Kutu kwenye mpasuko ni nyembamba, kwa hiyo pigo si la zamani, ingawa hatukukuta ajali yoyote iliyoandikwa katika daftari la gati. Fenda ya safu ya 9 haipo. Zimebaki boliti zake mbili tu.

Vikwazo vya mzigo

Gati lilisanifiwa kubeba tani 2 kwa mita ya mraba na kreni ya tani 25. Kuanzia leo:

Safu ya 1 hadi ya 7: tani 1 kwa mita ya mraba, gari moja kwa wakati mmoja, lisilozidi tani 10 pamoja na mzigo wake, kwa mwendo usiozidi kilomita 10 kwa saa. Kreni hairuhusiwi.

Safu ya 8 hadi ya 13: waenda kwa miguu tu, kwenye njia ya mita 1.5 upande wa nguzo za A. Bolardi ya safu ya 12 isifungwe kamba.

Safu ya 14 hadi ya 17: nguzo zake ni nzima kiasi, lakini gari haliwezi kufika bila kupita sehemu iliyofungwa. Itumike kwa miguu tu.

Vyombo visilale kati ya safu ya 8 na ya 13. Kibao cha "tani 20" langoni king'olewe. Madereva wanakiamini kuliko barua yoyote. Kamba na mapipa ya plastiki havitoshi kuwa kizuizi. Wekeni vizuizi vya zege, lakini viwe upande wa safu ya 7, visiwe juu ya sehemu tunayoinusuru.

Vipaumbele vya matengenezo

*Daraja la kwanza, ndani ya siku 7.* Vizuizi na vibao vipya. Chuma cha mshazari cha 9C kifungwe au kikatwe kabla hakijaangukia mashua. Nguzo 9C ipimwe kwa timazi kila wiki. Ikiongezeka milimita 5, watu nao waondolewe safu ya 8 hadi ya 10.

*Daraja la pili, ndani ya miezi 3.* Nguzo 11C na 12C zivalishwe nusu-bomba mbili za chuma, zichomelewe ndani ya sanduku la kuzuia maji, na ziende angalau mita moja juu na chini ya eneo lililoliwa. Sishauri kuchomelea ndani ya maji kwa kazi inayobeba mzigo. Kabla ya moto wowote, nguzo itobolewe na hewa ya ndani ipimwe, maana bomba lililofungwa linaweza kuwa limehifadhi gesi inayolipuka. Nguzo 9C isinyooshwe wala isifunikwe zege. Ipigwe nguzo mpya kila upande na mzigo uhamishwe kwa mhimili. Kiraka cha 12B kiondolewe, nguzo ipimwe upya.

*Daraja la tatu, ndani ya miezi 12.* Anodi mpya safu zote, baada ya kuhakikisha kila nguzo imeunganika kiumeme na jirani yake. Anodi hazilindi chuma kilicho nje ya maji, hivyo ukanda wa mawimbi usafishwe na ufungwe utepe wa grisi wenye ganda la nje. Fenda ya safu ya 9 irudishwe.

Nguzo 31 ambazo hazikupimwa unene zipimwe kwenye bamvu la mwezi Septemba, tukianza na 8B, 10C na 13C. Hadi hapo, vikwazo vya safu ya 8 hadi ya 13 visilegezwe hata kama 11C na 12C zitakuwa zimeshatengenezwa.