Muhtasari wa andiko la kisima cha madrasa, Bagamoyo

Assalam aleikum Bi Mkubwa wetu. Ulisema andiko zima lina kurasa nyingi na huko Maskati unalisomea kwenye simu, basi nimekufupishia hapa, ukiwa na swali niulize wasapu wakati wowote.

Madrasa ina watoto 140, wa dahalia ni 46, wengine wanakuja asubuhi na kurudi makwao. Maji ya bomba yako kilomita karibu 2, na dumu la lita 20 boda boda anatuletea kwa shilingi 500. Tunanunua madumu 12 kwa siku, yanayobaki wanachota watoto wenyewe kabla ya alfajiri, na wanaotumwa mara nyingi ni wale wakubwa wa juzuu za mwisho, yani wanaotakiwa kuwa wamekaa wanadurusu ndo wako njiani na ndoo. Hilo ndo linaniuma zaidi kuliko hela.

Kisima kifupi tulishachimba kwa mikono mwaka 2016. Masika kinakuwa kizuri ila ikifika mwezi wa 8 maji yanageuka chumvi, hata chai haiivi vizuri, tunatilia udhu na kufulia basi. Sasa watu wengi wanatushauri tuchimbe kirefu sana yatakuwa matamu, kiukweli kwa pwani sio hivo, maji baridi yanakaa juu ya maji ya chumvi, ukizidisha kina au ukivuta kwa nguvu chumvi inapanda. Ndo maana nakuomba uelewe hili kuliko yote: hatuombi hela ya kuchimba, kwanza tunaomba hela ya kupima. Mtaalamu apige sevei ya ardhi, tupate na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, alafu ndo tujue tunachimba wapi na mita ngapi. Sevei ikisema hapana, tunaishia hapo na hela nyingine inabaki kwako.

Mahali tulipochagua ni kwenye kiwanja cha wakfu upande wa mashariki, juu kidogo ya madrasa, mita zaidi ya 40 kutoka vyoo vya dahalia ili uchafu usishuke kisimani. Hati ya wakfu ipo na serikali ya kijiji inaitambua, nakala nimeambatanisha kwenye andiko.

Gharama sasa. Sevei 1,200,000 na vibali 600,000. Kuchimba tumekadiria mita 80 kwa shilingi 180,000 kila mita pamoja na mabomba ya ndani, inakuwa 14,400,000, ila mkataba tutaandika walipwe kwa mita walizochimba, wakiishia 60 tunalipa 60. Kupima wingi wa maji masaa 24 na kupeleka sampuli maabara 1,800,000. Pampu ya sola na paneli zake 7,200,000, mnara na tanki la lita 5,000 ni 3,600,000, mabomba pamoja na sehemu ya udhu 2,700,000. Jumla 31,500,000, tukiweka asilimia 10 ya dharura inafika 34,650,000. Sisi wazazi tumeshachanga 1,400,000 na mafundi wa hapa wamejitolea kazi ya thamani ya 750,000, kwahiyo tunachoomba kwako ni 32,500,000, kwa awamu, na kila awamu tunakutumia risiti na picha kabla ya kuomba inayofuata.

Bomba moja litakuwa nje ya uzio, kaya kama 60 za jirani zichote, Waislamu na Wakristo, hatumkatazi mtu maji. Watalipia shilingi 50 kwa dumu na hela hiyo inakaa akaunti ya kamati kwa ajili ya kutengeneza pampu ikiharibika, tumeshaongea na ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, ili utaratibu huo uwe halali. Visima vingi tumeona vinakufa kwa kukosa spea tu, sio kwa kukosa maji. Kwenye kamati kuna kina mama watatu na mmoja wao ndo mshika fedha, maana wao ndo wanaojua shida ya ndoo.

Ulisema unataka iwe sadaka ya marehemu mama yako. Masheikh wanatusimulia habari ya Saad bin Ubada, alifiwa na mama yake, akamuuliza Mtume (s.a.w.) sadaka gani bora, akaambiwa maji, akachimba kisima kwa ajili yake. Jina la marehemu tutaliandika kwenye mnara kama utapenda, ukitaka iwe siri pia itabaki siri.

Ukiridhia, awamu ya kwanza ni 1,800,000 tu, ya sevei na vibali. Tungependa ifanyike mwezi wa 8 ili uchimbaji uwe mwanzoni mwa mwezi wa 10, maji yako chini kabisa kwahiyo kipimo hakitatudanganya, na mvua za vuli hazijakolea, maana gari la kuchimbia ni zito na njia yetu ya udongo mfinyanzi ikilowa haipiti.

Wako, katibu wa kamati ya maji ya madrasa