YAH: MALIPO YA DAI LA BIMA YA GARI – TOYOTA NOAH, AJALI YA 6 APRILI 2025

Idara ya Madai ya Magari
Tawi la Tanga
14 Mei 2025

Kumb. ya dai: TGA/MG/0417/2025
Hati ya bima: Bima kubwa, gari binafsi, 1 Oktoba 2024 hadi 30 Septemba 2025

Bi. Mwanaidi Hamisi,
Muheza, Tanga.

Ndugu Mwanaidi,

Tafadhali rejea mada tajwa hapo juu, pamoja na mazungumzo yetu ya simu wiki iliyopita. Pole tena kwa ajali, na tunashukuru kwamba wewe na abiria wako mlitoka salama.

Dai lako limekubaliwa. Kiasi utakacholipwa ni TSh 4,590,000. Profoma uliyoleta kutoka gereji ilikuwa ya TSh 6,880,000, na kwenye simu uliuliza tofauti hiyo imekwenda wapi. Ni swali la haki, kwa hiyo barua hii inaonyesha kila shilingi iliyopungua na sababu yake.

1. Hasara iliyothibitishwa: TSh 6,050,000

Mkadiriaji wa hasara aliikagua gari gereji tarehe 15 Aprili, fundi wako akiwepo. Aliondoa vitu viwili kwenye profoma.

Cha kwanza ni bampa ya nyuma na taa ya nyuma kulia, TSh 780,000. Lori lilikugonga ubavu wa mbele kushoto. Mbonyeo wa nyuma una kutu ndani ya mkwaruzo na vumbi lililogandamana chini ya rangi iliyobanduka, na kutu ya namna hiyo haijengeki ndani ya siku tisa. Picha namba 11 na 12 zimeambatishwa ujionee mwenyewe. Hatusemi kwamba ulikusudia kudanganya. Mafundi wengi huandika kila wanachokiona kimeharibika. Lakini ajali hii haihusiki na uharibifu huo.

Cha pili ni bei ya taa kubwa ya kushoto. Gereji iliandika TSh 850,000. Mkadiriaji aliulizia taa ya aina hiyohiyo, mpya, katika maduka ya vipuri Tanga mjini na Gerezani, Dar es Salaam, akaikubali kwa TSh 550,000. Hapo zimepungua TSh 300,000.

Kisha tukaongeza TSh 250,000 za kuvuta gari kutoka Hale hadi Tanga. Hazikuwa kwenye profoma, ila ulituletea risiti ya EFD na bima yako inazilipa.

2. Makato ya uchakavu: TSh 950,000

Gari yako ni ya mwaka 2011, na vipuri vinavyofungwa ni vipya. Bima inakurudisha ulipokuwa kabla ya ajali, kwa hiyo sehemu ya thamani ya kipuri kipya inabaki juu yako kwa viwango vilivyo kwenye kifungu cha 7 cha hati yako. Ufundi, rangi, kioo na gharama za kuvuta gari havikatwi uchakavu.

| Kilichoharibika | Hasara (TSh) | Uchakavu (TSh) | Kinachobaki (TSh) |
|---|---|---|---|
| Boneti, fenda ya kushoto, mlango wa mbele kushoto | 1,650,000 | 330,000 (20%) | 1,320,000 |
| Bampa ya mbele, shoo, taa kubwa ya kushoto | 1,200,000 | 360,000 (30%) | 840,000 |
| Rejeta na kondensa ya AC | 700,000 | 140,000 (20%) | 560,000 |
| Tairi la mbele kushoto | 240,000 | 120,000 (50%) | 120,000 |
| Betri | 260,000 | 0 | 260,000 |
| Kioo cha mbele | 450,000 | 0 | 450,000 |
| Kunyoosha bodi, ufundi na rangi | 1,300,000 | 0 | 1,300,000 |
| Kuvuta gari | 250,000 | 0 | 250,000 |
| Jumla | 6,050,000 | 950,000 | 5,100,000 |

Kuhusu betri: kwa kawaida ingekatwa 50% kama tairi. Risiti uliyotuletea inaonyesha uliinunua Januari mwaka huu, na kifungu hichohicho hakikati kitu kwa betri iliyotumika chini ya miezi sita. Risiti hiyo imekuokolea makato ya uchakavu ya TSh 130,000. Kama una risiti ya tairi vilevile, ilete kabla ya kusaini hati iliyoambatishwa, nasi tutaupiga upya mstari huo.

3. Ekses: TSh 510,000

Ekses ni sehemu ya kila dai ambayo mwenye bima hubeba mwenyewe. Kwenye bima yako ni 10% ya dai, na isipungue TSh 400,000. Tumeipiga juu ya TSh 5,100,000, yaani baada ya kutoa uchakavu. Ingepigwa juu ya hasara yote ya TSh 6,050,000 ingefika TSh 605,000, nawe ungepokea pungufu ya TSh 95,000. Hati yako inasema uchakavu hutangulia, na ndivyo tulivyofanya.

Uliomba ekses isikatwe kwa kuwa mwenye makosa ni dereva wa lori. Ripoti ya polisi wa usalama barabarani inakuunga mkono juu ya kosa, lakini ekses ya bima yako haiangalii nani amekosa. Tunachoweza kufanya ni hiki: tukishakulipa, tutaidai kampuni iliyoikatia bima lori hilo, na kwenye dai hilo tutaweka ekses yako pamoja na fedha zetu. Ikilipa, TSh 510,000 zitarudi kwako. Hatuwezi kukuahidi lini.

4. Kiasi cha kulipwa

Hasara iliyothibitishwa: TSh 6,050,000
Toa uchakavu: TSh 950,000
Baki: TSh 5,100,000
Toa ekses: TSh 510,000
Malipo kwako: TSh 4,590,000
(Shilingi milioni nne, laki tano na elfu tisini tu)

Hakuna makato mengine. Ada ya bima ulishailipa yote. Gari ilikatiwa bima ya TSh 18,000,000, na thamani yake sokoni siku ya ajali ilikadiriwa TSh 17,500,000, hivyo hakuna upungufu wa bima. Vipuri vilivyovunjika tumekuachia bila kukata thamani yake. Siku ambazo gari imelala gereji, pamoja na nauli ulizotumia, hazimo kwenye bima hii.

5. Namna ya kupokea malipo

Ukikubali, saini nakala mbili za Hati ya Kukubali Malipo na uzirudishe tawini pamoja na nakala ya kitambulisho chako cha NIDA. Fedha zitaingia kwenye akaunti ya benki uliyotuandikia ndani ya siku 10 za kazi. Ukipenda tuilipe gereji moja kwa moja, tuandikie kabla ya kusaini. Kiasi kitakuwa hichohicho, na kinachozidi utamalizana na fundi wewe mwenyewe.

Soma hati hiyo taratibu. Ukiisaini unakubali kuwa madai yako kwetu juu ya ajali hii yameisha, isipokuwa ekses itakayorejeshwa kama tulivyoeleza. Usisaini kwa sababu tu fundi anakuharakisha.

Usiporidhika, tuandikie ukitaja mstari unaoupinga, na uambatishe profoma nyingine au risiti ulizonazo. Jibu letu lisipokuridhisha bado, unayo haki ya kupeleka lalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima au kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania. Kulalamika hakutaathiri kuhuishwa kwa bima yako Oktoba, ingawa punguzo la kutokuwa na madai halitakuwepo mwaka huo kwa sababu ya dai hili.

Wako,

Meneja wa Madai ya Magari
Tawi la Tanga

Viambatisho: Ripoti ya mkadiriaji wa hasara na picha 14, nakala ya kifungu cha 7 cha hati ya bima, Hati ya Kukubali Malipo, nakala 2.