Vitenzi vya mwendo, kuanzia anayetambaa mpaka anayetoka nduki

Haya wale mnaoandika hadithi na kila mhusika "anaenda" tu, chukueni hii.

Chini kabisa: kutambaa (mtoto kwa magoti na mikono, nyoka kwa tumbo), kusota ni kwa makalio, usichanganye.

Polepole: kujongea, kujikokota (umechoka ama hutaki kufika), na kunyata, yani unakanyaga kwa ncha za vidole usisikike. Kunyemelea ni kama kunyata ila hapa kuna windo, paka akimfuata panya ananyemelea, wewe ukirudi saa nane usiku mama kalala unanyata 😂

Mwendo wenye kasoro: kuchechemea mguu ukiuma, kupepesuka ukilewa au ukiwa na kizunguzungu.

Bila haraka: kutembea. Kuzurura ni huna pa kwenda, na mara nyingi ni neno la kulaumu.

Haraka: kukaza mwendo, kuchanja mbuga (bado ni kwa miguu, tena safari ndefu).

Mbio: kukimbia, kutimka, kuchomoka. Mtaani tunasema kutoka nduki au kula kona, mi napenda kula kona maana unamwona kabisa mtu anavyopotea.