Betri za Fundi Saa

Ijumaa jioni gari lilishusha kompyuta 14 kuukuu mbele ya ofisi ya walimu. "Mwalimu Rehema, mzigo wako huo," alisema mkuu wa shule. "Jumatatu kidato cha pili wana kipindi." Mwaka mzima kipindi hicho kilifundishwa ubaoni, kibodi ikichorwa kwa chaki.

Jumamosi alfajiri alikuja na bisibisi, pampu ya baiskeli, ufutio wa penseli na flashi yenye mfumo wa kompyuta wa Debian 12. Mzee Saidi, mlinzi, alipuliza vumbi kwa pampu. Ya kwanza kuwashwa ililia milio mirefu, kioo cheusi. Rehema alichomoa memori, akasugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa ufutio mpaka yakang'aa, akaikandamiza mahali pake hadi klipu zikalia ta! Kioo kikawaka.

Memori giga 2 tu. Kwa sura ya mezani alichagua LXDE, maana ni nyepesi, na kufikia adhuhuri mashine 9 zilikuwa na mfumo mpya. Nne hazikuamka kabisa. Akazifungua, akachukua viungo vyake, akaifufua ya kumi. Zilizobaki aliziweka kando kwa heshima: zitafundishia wanafunzi kilichomo ndani.

Kisha akaunganisha simu yake, apakue Klavaro ya kujifunzia kuchapa. Mashine ikakataa, ikidai faili la huko bado halijafikia tarehe yake:

```
Release file ... is not valid yet
```

Alitazama tarehe. Ilikuwa imebaki nyuma! Akaisahihisha:

```
date -s "2024-06-15 15:40"
hwclock --systohc
```

Ikakubali. Lakini alipochomoa waya wa umeme na kuurudisha, saa ikarudi nyuma tena. Betri ndogo ya duara inayotunza saa ilikuwa imekufa, na katika zote kumi hali ilikuwa ileile.

Alikimbia sokoni kwa fundi saa kabla hajafunga.

"Shikamoo mzee. Naomba betri kumi, CR2032."

"Marahaba. Kumi! Kwani una saa ngapi, mwalimu?"

"Sina hata moja, mzee. Ni kompyuta za watoto. Zimesahau leo ni lini."

Fundi alihesabu betri, akazifunga kwenye gazeti, akakataa pesa ya nne za mwisho.

Jumapili baada ya ibada ilikuwa kazi ya kurudia tu. Bando lilikuwa dogo, hivyo alipakua Klavaro mara moja, akanakili mafaili ya `/var/cache/apt/archives` kwenye flashi na kuyasakinisha kwa `dpkg -i` kwenye tisa nyingine. Giza lilipoingia, Mzee Saidi alimshikia tochi akifunga skrubu ya mwisho.

Jumatatu, wanafunzi 41 waliingia, wanne kila kompyuta na mmoja wa ziada. Hakuna aliyegusa kitu. Fundi saa alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Alisogea hadi mashine ya kwanza, akainama, akasoma kwenye kona 08:15, akageuza kifundo cha mkono wake.

"Saa mbili na robo," alisema. "Ziko sawasawa. Haya, wanangu, anzeni."