Twiga wa Malindi Apakiwa Chomboni

Kichekesho cha watu wawili

Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimkabidhi Mfalme Yongle wa Uchina twiga. Wachina walimpokea kama yule mnyama wa baraka wa hadithi zao, anayejitokeza nchi inapotawaliwa kwa haki. Msafara wa meli za Kichina wa 1417 hadi 1419, ukiongozwa na Zheng He, ukafika Malindi. Lakini kuna mtu alimshika kamba twiga huyo, na kuna mtu alimtafutia pa kusimama, na hao ndio tunaowataka jukwaani. Maneno yao tumeyatunga sisi.

Twiga haonekani kamwe. Kamba ya Mzee ipande juu, ipotelee nyuma ya pazia. Waigizaji wakubaliane mapema kichwa kiko wapi, maana macho yao yakipishana mchezo umeharibika.

*Ufuo wa Malindi. Maji yamekupwa, chombo kimekaa mchangani. NAHODHA anamalizia kufunga kibanda cha makuti kinachomfika kiunoni.*

NAHODHA: Haya, mgeni wa mfalme na aje! Nyumba yake imeishinda yangu.

*MZEE anaingia kinyumenyume, akivuta kamba.*

MZEE: Inama, mwanangu. Inama! (*Kishindo cha makuti kuvunjika.*) Basi, tumeshapita.

NAHODHA: Shikamoo, mzee. Mnyama yuko wapi?

MZEE: Marahaba. Si huyu hapa.

NAHODHA: Mimi naona miguu.

MZEE: Fuata miguu, usiwe na haraka.

*Nahodha anapandisha macho polepole mpaka kofia inamdondoka.*

NAHODHA: Niliambiwa mnyama mmoja!

MZEE: Ni mmoja.

NAHODHA: Mmoja gani huyu, mbona bado anaendelea?

MZEE: Na huyu bado mtoto.

NAHODHA: Kwa hiyo atakua? Humu chomboni?

MZEE: Uchina ni mbali, Nahodha.

*Nahodha anakitazama kibanda, anamtazama twiga. Anakisukuma kibanda nyuma kwa mguu, kama hakijui.*

NAHODHA: Mzee wangu, sikiliza. Huu mlingoti. Hii foromali, imebeba tanga. Upepo ukigeuka, tanga linahamia upande wa pili. Sasa shingo hii ikisimama katikati, nani atampisha mwenzake?

MZEE: Twiga hapishi. Simba mwenyewe akikaa vibaya hupigwa teke.

NAHODHA: Tumlaze.

MZEE: Halali hivyo. Husinzia kidogo, tena mara nyingi wima.

NAHODHA: Tumkunje!

MZEE: Zawadi ya mfalme, umkunje kama mkeka?

*Nahodha anashika kiuno. Anatazama baharini, analowesha kidole, anakiinua juu. Uso unamchangamka.*

NAHODHA: Kusi! Kusi hii inatupiga mgongoni moja kwa moja hadi Bara Hindi. Tanga halihami! Mweke huku shetri, nyuma kabisa, aangalie tunakokwenda.

MZEE: Na atakuwa wa kwanza kuona nchi kavu.

NAHODHA: Basi nitamkata mshahara yule kijana wa kupanda mlingotini. Maji je? Mapipa yangu ni ya watu.

MZEE: Akipata majani mabichi, anakaa siku kadhaa bila kunywa.

NAHODHA: Alhamdulillahi. Majani gani?

MZEE: Ya mgunga.

NAHODHA: Yenye miiba?

MZEE: Kama sindano.

NAHODHA: Mabaharia wangu wanatembea pekupeku!

MZEE: Watajifunza kuangalia chini. Wewe umeshajifunza kuangalia juu.

*Kitu kinamgusa Nahodha shingoni kutoka juu. Anaruka.*

NAHODHA: Nini hicho?

MZEE: Ulimi. Amekupenda.

NAHODHA: Ulimi mweusi, mrefu kama mkono wangu! (*Anajifuta. Sauti inapungua.*) Nikwambie kweli, mzee. Nimeshabeba pembe, nimebeba ambari, nimebeba na bwana harusi aliyetapika njia nzima. Lakini mzigo unaonitazama machoni hivi, sijabeba.

MZEE: Ndiyo maana naenda naye. Hana sauti ya kukuita akiumwa. Lazima awepo anayemjua.

NAHODHA: Wewe umeshawahi kupanda chombo?

MZEE: Mimi? Hata mtumbwi.

NAHODHA: Ukitapika?

MZEE: Nitasimama nyuma yake, watu hawatanitazama mimi.

*Nahodha anacheka, anamshika mkono.*

NAHODHA: Haya, kabla maji hayajajaa. (*Kwa sauti kubwa, nje ya jukwaa.*) Vijana! Leteni boriti za mikoko, zote, tutandike daraja! Na hicho kibanda kivunjeni, msiulize nani kakijenga!

*Wanavuta kamba pamoja. Kamba haisogei. Mzee ananong'ona kitu, anatikisa tawi la mgunga. Kamba inalegea ghafla, wote wawili wanaanguka chali. Hatua nzito zinapanda kwenye boriti, taratibu, hadi juu.*

NAHODHA: (*Bado yuko chini.*) Amepanda mwenyewe!

MZEE: Kupanda si kazi. Nahodha, tukifika, tunamteremshaje?

*Kimya. Wanatazamana.*

NAHODHA: Hilo, mzee wangu, ni la Wachina.

*Pazia.*